Eneo la mto kwa kanuni ya trapeza: kosa limebaki kiasi gani?

*Mwalimu, salaam. Niko katika kikundi cha wakulima hapa Kasese, tunataka kuchepusha sehemu ya maji ya mto kwenda mashambani. Mto una upana wa mita 8. Tumepima kina kila baada ya mita moja, ukingo hadi ukingo: 0, 0.30, 0.52, 0.70, 0.82, 0.78, 0.60, 0.34, 0. Kwa kanuni ya trapeza nimepata mita za mraba 4.06. Mwenzangu amechukua kina cha kila mita mbili tu, akapata 3.88. Shuleni tulikuwa tunapata kosa kwa kulinganisha na jibu kamili, lakini mto hauna fomula. Nitajuaje 4.06 yangu imekosea kwa kiasi gani?*

Salaam ndugu yangu. Jibu lako limepungua kwa kama 0.06. Kwa vipimo ulivyoleta, eneo la kweli liko karibu na mita za mraba 4.12. Hilo ni kosa la kanuni peke yake. Ufito, tepu na matope vina makosa yao, na nitakueleza baadaye kwa nini hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Lakini hiyo 0.06 tuitoe kwanza, maana kila kinachohitajika unacho tayari, na aliyekuletea ni huyo mwenzako.

Kanuni ya trapeza inaunganisha kina na kina kwa mstari ulionyooka. Chini ya mto hapanyooki hivyo. Mto wako ni kama bakuli: kati ya kipimo na kipimo, chini yake inabonyea zaidi ya mstari wako, na kila kipande kinaacha nje ukanda mwembamba wa maji ambao haukuhesabiwa. Ndiyo maana 4.06 haiwezi kuwa imezidi, imepungua tu. Kama kungekuwa na mahali mchanga umejikusanya katikati na kuinua tumbo juu, hapo mstari ungepita chini ya mchanga na kanuni ingehesabu mchanga kuwa maji. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mtu anajiuliza kabla ya hesabu yoyote ni hili: chini ya mto inabonyea au inatuna? Jibu linakuambia kosa limeegemea upande gani.

Sasa ukubwa wake. Ukanda ule unaoachwa nje unategemea sana upana wa kipande. Ukigawa upana kwa mbili, ukanda mmoja unapungua mara nane, ila sasa zipo kanda mbili mahali pa moja, kwa hiyo jumla ya kosa inapungua mara nne. Hii ndiyo sheria mliyoisoma, na haihitaji fomula ya mto. Tuseme 4.06 yako imepungua kwa kiasi fulani tukiite k. Mwenzako ametumia vipande vyenye upana mara mbili ya vyako, kwa hiyo jibu lake limepungua kwa 4k. Tofauti kati yenu ni 3k. Na tofauti hiyo unaijua:

```
4.06 - 3.88 = 0.18
k = 0.18 / 3 = 0.06
4.06 + 0.06 = 4.12
```

Kwa hiyo mwenzako hakukosea kazi. Bila 3.88 yake usingekuwa na cha kulinganisha. Na mnaweza kujipatia jibu la tatu bila kurudi majini: chukueni vipande viwili tu vya mita 4, vyenye kina cha katikati 0.82 pekee. Eneo linakuwa 4 mara 0.82, yaani 3.28. Sasa tazama majibu yanavyopanda: kutoka 3.28 hadi 3.88 ni 0.60, kisha kutoka 3.88 hadi 4.06 ni 0.18. Gawanya 0.60 kwa 0.18 unapata 3.3. Sheria inasema 4. Haikufika, lakini vipande viwili kwa mto mzima ni vikubwa mno; mtu hawezi kudai zaidi. Kinachonituliza ni kwamba hatua zinapungua upande mmoja na kwa kasi inayokaribia ile inayotarajiwa. Weka namba hiyo 3.3 akilini, tutaihitaji.

Ipo njia ya pili ya kulipata kosa, nami naipenda zaidi kwa sababu inakuonyesha linakotoka. Kosa la kipande kimoja linatokana na jinsi mteremko wa chini ya mto unavyobadilika ndani ya kipande hicho. Ukijumlisha vipande vyote, miteremko ya katikati inamezana, inabaki ya mwanzo na ya mwisho. Fomula inakuwa fupi ajabu, `h` ikiwa ni upana wa kipande:

```
upungufu ≈ h² / 12 × (mteremko wa kushoto + mteremko wa kulia)
```

Mteremko hapa maana yake ni mita ngapi chini inashuka kwa kila mita moja ya kwenda katikati, ukiwa pale pale ukingoni. Kwa upande wa kushoto, mita ya kwanza inashuka 0.30 na ya pili inashuka 0.22. Yaani mteremko unalegea kwa 0.08 kila mita. Ile 0.30 ni mteremko wa katikati ya mita ya kwanza, kwa hiyo ukingoni penyewe ongeza nusu ya 0.08: unapata 0.34. Kulia, mita ya mwisho ni 0.34 na inayoifuata ni 0.26, kwa hesabu ile ile ukingoni ni 0.38. Jumla 0.72, gawanya kwa 12, unapata 0.06. Njia mbili tofauti, jibu moja. Nikiona hivyo naacha kubishana na kosa la kanuni.

Angalia fomula hiyo inasema nini. Chini ya mto ikienda taratibu, umbo la katikati halina neno. Kinachoamua ni kingo. Mto wenye kingo zilizolala utakupa jibu zuri hata kwa vipande vichache, na mto wenye kingo zilizosimama utakusumbua hata ukipima kila nusu mita. Na kwenu Kasese kingo zilizosimama si jambo la kutafuta. Mito inayoshuka Rwenzori hukata kando zake kila mafuriko. Nyamwamba ilifanya hivyo mwaka 2013 na tena 2020, na waliokuwa kandokando yake hawahitaji kuhadithiwa.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie ile 0 uliyoandika mwanzoni na mwishoni. Ni sifuri uliyoipima, au umeiandika kwa sababu ukingoni maji yanaisha? Kama ukingo umekatwa wima na ufito unazama sentimita 40 pale pale ardhi inapoanza, kina cha kwanza ni 0.40. Ukiandika 0 unakata pembetatu nzima ya maji: nusu ya mita moja mara 0.40, yaani mita za mraba 0.20. Ni zaidi ya mara tatu ya kosa tuliloling'ang'ania hadi sasa, na limeingia kwa namba moja tu.

Bahati nzuri kosa la namna hiyo linajionyesha lenyewe. Linapungua mara mbili tu ukigawa vipande, si mara nne. Kwa vipande vya mita 2 lingekuwa 0.40, kwa mita 4 lingekuwa 0.80. Ukifanya lile jaribio la kugawanya tofauti, namba inasogea kuelekea 2. Yako ilikuwa 3.3, kwa hiyo sidhani mna ukingo wima uliofichwa, ila mrudi mkatazame kwa macho. Namba ni shahidi, haiwezi kuwa hakimu.

Jambo la pili linalovunja sheria ya mara nne ni mawe. Sheria yote inasimama juu ya dhana kwamba chini inabadilika taratibu kati ya kipimo na kipimo. Jiwe la mlimani halijui hilo. Chukua mto huu huu, kisha weka jiwe lenye upana wa sentimita 60 na uso wa juu ulio bapa pale mita ya tano, kiasi kwamba ufito ukigusa juu yake unasoma 0.40 badala ya 0.78. Hesabu yako inashuka kutoka 4.06 hadi 3.68. Ya mwenzako haisogei, inabaki 3.88, kwa sababu yeye hagusi mita ya tano kabisa. Majibu matatu sasa ni 3.28, 3.88, 3.68: yamepanda, kisha yakashuka. Hiyo ndiyo dalili. Mto wenye chini laini unasogea upande mmoja. Ukiona majibu yanageuka njiani, ujue kuna kitu chembamba kuliko nafasi ya vipimo vyako.

Na ukiona hivyo, usithubutu kutumia ile hesabu ya kugawa kwa tatu. Tujaribu uone. Tofauti ni 0.20 kuelekea chini, theluthi yake ni 0.07, kwa hiyo ingekuambia eneo ni 3.61. Ukweli ni upi? Jiwe limechukua takriban 0.6 mara 0.37, yaani 0.22, kutoka kwenye ile 4.12. Eneo ni 3.90. Marekebisho yamekupeleka mbali zaidi na ukweli kuliko ulipokuwa, na mwenzako aliyelikosa jiwe kabisa ndiye aliyekaribia, kwa bahati tupu. Wewe uliligusa jiwe, na kanuni ikalitanua kutoka sentimita 60 hadi pembetatu yenye kitako cha mita 2.

Dawa ya jiwe ni kuacha nafasi sawa. Pima pale jiwe linapoanza na linapoisha, mara mbili kila mahali: kando ya jiwe na juu yake. Tuseme mita 4.7 inasoma 0.80 kando na 0.40 juu, mita 5.3 inasoma 0.40 juu na 0.74 kando. Vipande kati ya mita ya nne na ya sita vinakuwa hivi:

```
4.0 - 4.7:  0.7 × (0.82 + 0.80) / 2 = 0.567
4.7 - 5.3:  0.6 × (0.40 + 0.40) / 2 = 0.240
5.3 - 6.0:  0.7 × (0.74 + 0.60) / 2 = 0.469
```

Jumla ni 1.276. Bila vipimo hivi, sehemu hiyo ingekupa 1.11. Ukiunganisha na vipande vingine eneo lote linafika 3.85, na lile pengo dogo lililobaki hadi 3.90 ni upungufu wa kawaida wa kubonyea. Wanafunzi wengi wa kidato cha sita hudhani kanuni ya trapeza inadai nafasi sawa kwa sababu mitihani huileta hivyo. Nafasi sawa ni ya kurahisisha kujumlisha tu. Kwenye kompyuta, umbali ukiwa safu ya A na kina safu ya B, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 10, hii inafanya kazi kwa nafasi yoyote, hata umbali mmoja ukijirudia kama kwenye jiwe:

```
=SUMPRODUCT((A3:A10-A2:A9)*(B3:B10+B2:B9)/2)
```

Ukiongeza vipimo, ongeza namba za mistari sehemu zote nne.

Sasa niingie kwenye yale makosa mengine. Kosa la kanuni lilikuwa 0.06, asilimia moja na nusu hivi. Mto wenu ukishafika tambarare, kuelekea Ziwa George, chini inakuwa tope laini, na ufito mwembamba unazama kabla mkono haujahisi kitu. Ukizama sentimita 2 tu kila mahali, vina vyako saba vya ndani vyote vimezidi kwa 0.02, na eneo limezidi kwa 0.14. Ni zaidi ya mara mbili ya kosa la kanuni, na linavuta upande wa pili. Ongeza 0.06, toa 0.14, unaangukia 3.98. Na hata ukipima kila robo mita, tope halipungui hata kidogo, kwa sababu kosa linajirudia sawa kila mahali. Linalotibika hapo ni ufito wenyewe: upigilie kibao bapa kwenye ncha ya chini, upana wa kiganja, usizame. Usisahau kuanza kuhesabu alama kutoka chini ya kibao.

Makosa yanayokwenda huku na huku, mara ukasoma zaidi mara pungufu, ni mapole zaidi. Kwa kuwa mengine yanafuta mengine, sentimita 2 za namna hiyo kwa vipimo saba hazitoi 0.14. Zinatoa 0.02 mara kipeuo cha pili cha 7, yaani 0.05. Hizi ni zile za mawimbi madogo.

Ila kubwa kuliko yote ni tepu, nalo ndilo watu hawalitazami kamwe. Kanuni inataka upana wa mto uliokatwa kwa pembe mraba kabisa na mkondo. Ukifunga tepu kwenye mti huu na mti ule kwa sababu ndiyo miti iliyopo, na mstari ukaenda mshazari, nyuzi 20 kutoka kwenye hiyo pembe mraba, mto wa mita 8 unasoma mita 8.5. Eneo linazidi kwa asilimia 6, kama mita ya mraba robo, na hakuna jaribio la vipande litakaloligundua, kwa sababu kila kipande kimetanuka sawia. Simameni darajani au ukingoni palipoinuka, mtupe jani majini, mtazame linavyokwenda, ndipo mfunge tepu.

Na kabla hamjaanza, chomekeni kigingi kando na kuweka alama ya usawa wa maji. Mvua ikinyesha mlimani juu mkiwa mnapima, maji yakapanda sentimita 5, upana wa mita 8 umeongeza mita za mraba 0.40 katikati ya kazi, na vipimo vya kwanza na vya mwisho si vya mto mmoja. Hapo mnaanza upya.

Kwa nini niling'ang'anie sehemu hizi ndogo za mita? Kwa sababu mtazidisha eneo kwa kasi. Maji yakienda kwa wastani wa nusu mita kwa sekunde, 0.06 ya kanuni ni lita 30 kila sekunde, 0.14 ya tope ni lita 70, na tepu ya mshazari ni zaidi ya lita 120. Kasi nayo ina matatizo yake: chupa inayoelea inakupa kasi ya juu ya maji, ambayo kwa kawaida huzidishwa kwa 0.85 hivi ili kupata wastani wa mto wote. Namba hiyo 0.85 yenyewe hubadilika kwa asilimia kadhaa kutoka mto hadi mto, kwa hiyo hata mkipata eneo safi kabisa, jibu la lita halitakuwa safi hivyo. Msihangaike na desimali ya tatu ya eneo.

Kwenye karatasi ya kikundi ningeandika mita za mraba 4.1, si 4.12, na pembeni niandike kwamba kama ufito ulizama, inaweza kuwa 4.0. Mkirudi kupima, msigawe mto mzima kwa nusu mita. Tazama vina vyako: vinapinda zaidi kati ya mita ya tatu na ya sita, na kipande cha kati ya nne na tano peke yake kimebeba sehemu moja ya tano ya eneo lote, ambayo ni nyingi mno kwa kipande kimoja, wapimaji wa mito hawapendi kipande kipitishe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji. Ongezeni kina cha 3.5, 4.5 na 5.5. Vipimo hivyo vitatu vitaondoa zaidi ya theluthi moja ya upungufu, na vikiwa mbali na mstari unaotarajia, kwa mfano 4.5 ikasoma 0.55 wakati jirani zake ni 0.82 na 0.78, mmekanyaga jiwe; pimeni linapoanza na linapoisha kabla hamjatoka majini.